Chakula cha asidi hafifu na chakula kilichotiwa asidi

Oktoba 2008, wanafunzi watatu wa shule moja ya bweni nchini Uganda waliugua botulizimu, na mmoja wao akafariki. Wachunguzi walihusisha ugonjwa huo na kiungo cha mafuta kilichotengenezwa nyumbani. Jikoni nyingi za Lusangi na Kasongo zina kitu kinachofanana nacho: pilipili iliyolowekwa kwenye mafuta na kufungwa chupani.

Bakteria wa botulizimu huacha mbegu ngumu, spora, ambazo maji yanayochemka hayaziui. Spora huota pale ambapo hewa haifiki, unyevu upo na asidi ni kidogo, kisha bakteria hutoa sumu. Mafuta hufukuza hewa, lakini hayaongezi asidi ndani ya pilipili. Na sumu ikiisha kuwemo, chupa inaweza isivimbe wala isinuke.

Mpaka wa asidi hiyo ni pH 4.6. Chakula chenye unyevu wa kutosha na pH iliyo juu ya hapo ni chakula cha asidi hafifu: sombe, maharage, nyama, samaki. Kwa kuwa spora zake zinaweza kuota, hazina budi kuuawa, na kwa hiyo chupa huingia katika mtungi wa shinikizo, ambapo joto hupita lile la maji yanayochemka. Kipimo kinachofundishwa ni kama dakika tatu kwenye nyuzi 121 za Selsiasi, zikihesabiwa kwenye sehemu inayochelewa zaidi kupata joto.

Chakula kilichotiwa asidi ni kile kilichokuwa na asidi hafifu, kisha mtengenezaji akakitia siki au ndimu hadi pH yake ikafika 4.6 au chini. Hapo kuchemsha kunatosha: viini vingine hufa, nazo spora hubaki bila kuweza kuota. Nanasi haliingii hapa, maana asidi yake ni ya asili. Napendelea neno “kilichotiwa” kwa sababu linamkumbusha mtahiniwa kwamba kuna mtu aliyeitia asidi hiyo, na ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba imetosha.

Hapo ndipo swali la mtihani huwatega wengi. Tuseme vipande vya pilipili vimetiwa siki, na majimaji yanasoma 3.9 siku hiyohiyo. Namba hiyo ni ya siki, kwa kuwa ndani ya pilipili asidi bado haijapenya. Baada ya siku nzima, mafuta yakitengwa na vipande vikisagwa pamoja na majimaji yake, kipimo kinasoma 4.7. Basi chakula hiki bado ni cha asidi hafifu, na kukichemsha tu ni kosa. Ama siki iongezwe na upimaji urudiwe, ama chupa ziende kwenye shinikizo. Siki ikiongezwa na kipimo kikafika 4.3, kuchemsha kunakubalika, mradi namba hiyo imesomwa kwa mita ya pH. Karatasi za rangi hukubaliwa pale tu pH ikiwa 4.0 au chini.