Chapa wenza: majina mawili kwenye mfuko mmoja wa mbegu

Watu wa masoko wa Dar es Salaam husema "kobrandingi" na kuendelea na kikao. Wanachokusudia ni kampuni mbili zinazojitegemea, kila moja na jina lake linalojulikana, kuyaweka majina yote mawili kwenye bidhaa moja mbele ya mnunuzi. Udhamini ni jambo jingine: kampuni inayodhamini ligi haimwahidi mtazamaji kwamba timu yake itashinda. Kwenye kobrandingi kila jina linasimama kama dhamana ya bidhaa yenyewe.

Tuiite nini? "Chapa ya pamoja" ndiyo inayokuja haraka mdomoni, lakini inakaribiana mno na alama ya pamoja, ile ambayo chama kimoja humiliki na wanachama wake wote kuitumia. "Ubia wa chapa" ni tafsiri nzuri masikioni, ila wanasheria wataikataa, maana mikataba ya namna hii kwa kawaida hutamka wazi kwamba wahusika si wabia na hakuna anayebeba madeni ya mwenzake. Mimi nachagua "chapa wenza", na tendo lenyewe liitwe "uwenza wa chapa". Mtanzania anamjua mgombea mwenza, ambaye jina lake huenda kwenye karatasi ya kura pamoja na la mgombea urais. Anamjua pia mke mwenza. Maana zote mbili zinafaa.

Afrika Mashariki simu na pembejeo zimekutana kwa sura tofauti. Nchini Kenya, mwaka 2009, ilianza Kilimo Salama, bima ya hali ya hewa iliyowaunganisha Wakfu wa Syngenta, kampuni ya bima ya UAP na Safaricom. Mkulima aliponunua mbegu au mbolea dukani aliongeza asilimia 5 ya bei, kampuni ya pembejeo ikachangia kiasi kama hicho, muuzaji akasajili manunuzi kwa simu, na fidia ikalipwa kwa M-PESA. Hapo jina la mbele lilikuwa la tatu, si la mtandao wala la mbegu. Mwaka 2017 Safaricom ikaleta DigiFarm, ambapo pembejeo zilitoka kwenye maghala ya iProcure lakini jina aliloliona mkulima kwenye simu lilikuwa la mtandao. Nchini Tanzania, mwaka 2012 Tigo ilianzisha Tigo Kilimo, huduma ya taarifa za hali ya hewa, bei na ushauri. Hii ya mwisho haikuuza mbegu, lakini inatupa somo nitakalolifikia.

Sasa twende Kongwa. Tuchukulie kampuni ya alizeti na mtandao wa simu wanaamua kutoa mfuko wa kilo 2, mbegu ya kutosha ekari moja hivi, wenye nembo zote mbili. Mkulima akinunua anasajili namba yake, kisha anapokea ujumbe wa lini apande na lini apalilie. Kwenye uwanda huu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na mara nyingi inakatika katikati. Mkulima anapanda kwa mvua ya kwanza, jua linarudi, na baada ya wiki mbili mistari ni mitupu.

Nani kakosea? Kwa mkulima jibu liko kwenye mfuko, nao una majina mawili. Ujumbe ukiwa ulisema "panda wiki hii", kampuni ya mbegu inaitwa ya mbegu mbovu kwa kosa la utabiri. Mbegu ikiwa imekaa dukani chini ya bati hadi ikapoteza uotaji (na alizeti, kwa mafuta yake, haivumilii joto), mtandao unaambiwa umeuza takataka. Hatari hizi hazilingani. Mtandao hupimwa kila saa: simu ikikatika leo, kesho ikaita, mtu anasahau. Mbegu hupimwa mara moja kwa mwaka na haina marudio hadi Desemba nyingine. Kwa hiyo kampuni ya mbegu inaweka rehani jina lililojengwa misimu kumi, na mtandao unapokea lawama ambazo wahudumu wake wa simu hawana elimu ya kuzijibu.

Bahati nzuri, chanzo kinaweza kujulikana. Fukua mstari. Mbegu ikikutwa nzima na kavu, ilikosa unyevu. Ikikutwa imevimba na kuoza, ilipata maji, na hapo ubora wake una kesi ya kujibu. Isipokuwapo kabisa, muulize panya au ndege. Kisha chukua mbegu 100 za shehena ileile, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, hesabu zilizoota baada ya wiki, ulinganishe na kiwango cha uotaji kilichoandikwa kwenye lebo. Mkataba wa uwenza usiosema nani anatunza sampuli ya kila shehena, na nani anakwenda shambani kufukua, umeshughulikia rangi tu.

Na rangi nazo zina mtego. Kwenye viuatilifu, mstari wa rangi chini ya lebo ni lugha ya hatari: nyekundu ni sumu kali, kisha njano, kisha bluu, na kijani kwa sumu ndogo. Hizo ndizo rangi ambazo mitandao yetu huzipaka kwenye kuta za maduka. Nembo nyekundu ya mtandao karibu na mstari wa kijani inachanganya onyo ambalo mtu asiyesoma analitegemea. Ningeshauri mtandao usikubali kabisa kuweka nembo kwenye chupa ya dawa, hata ukilipwa.

Somo la Tigo ni hili. Novemba 2024 jina hilo liliondoka Tanzania na kuwa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Ni mwezi uleule ambao maduka ya pembejeo ya Dodoma yanajaza rafu kabla ya mvua. Mfuko wetu wa Kongwa, kama ungekuwa umechapwa Septemba na nembo ya Tigo, ungeingia msimu ukiwa na jina la mtandao lisilotumika tena, na mkulima aliyeonywa kila mwaka kuhusu mbegu feki angekuwa na haki ya kuushuku. Upande wa pili nao huanguka: mwaka 2024 iProcure iliwekwa chini ya msimamizi wa kampuni zilizoshindwa kulipa madeni.

Kuna gharama nyingine, ya kimyakimya. Duka la pembejeo la Kibaigwa kwa kawaida ni wakala wa mitandao kadhaa. Mbegu ikivaa nembo ya mmoja, mwenye laini nyingine anadhani si yake. Kipimo ni rahisi: baada ya mavuno waulize wakulima, bila kuwatajia jina, "Ulipanda mbegu ya nani?" Wengi wakitaja mtandao, mwenza mmoja amemezwa.

Jina la tatu, kwa mtindo wa Kilimo Salama, linawakinga wote wawili, lakini lazima liwe na mwenyewe. Huko BRELA mbegu husajiliwa daraja la 31, mbolea la 1 na mawasiliano la 38. Mwenza atakayelisajili jina hilo kwenye daraja lake pekee atakuwa ameliacha wazi kwa mwenzake siku watakapoachana, na mifuko iliyobaki madukani haitajua ni ya nani.