Fungu wazi: dola inapolipa gharama za shilingi

Mwishoni mwa Januari 2024, dola moja ya Marekani ilikuwa ikiuzwa Nairobi kwa takriban shilingi 160. Soko lilihofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa Yurobondi ya dola bilioni 2 iliyokuwa inaiva mwezi Juni. Februari serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5, ikanunua sehemu kubwa ya deni la zamani, na hofu ikapungua. Kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi takriban shilingi 132. Waagizaji wa mafuta na ngano walishusha pumzi. Lakini kampuni ya safari iliyokuwa imeuza ziara za Machi kwa dola, kwa hesabu ya 160, ilipoteza sehemu kubwa ya faida bila mgeni hata mmoja kughairi.

Wahasibu wana jina la kilichoiponza kampuni hiyo. Kwa Kiingereza husema ekspoja. Kwa Kiswahili mara nyingi huelezwa kama hatari ya ubadilishaji wa fedha, maelezo ambayo ni sahihi lakini hayamwambii mpanga bei ni kiasi gani hasa kimo hatarini. Makala hii inatumia istilahi fungu wazi, kwa maana ya kiasi cha gharama kitakacholipwa kwa fedha tofauti na ile ya mteja, ambacho bado hakijanunuliwa. Fungu lina tarakimu. Linaweza kuhesabiwa kabla bei haijatolewa, kupunguzwa baada ya mteja kulipa, na kufungwa kabisa.

Chukua mfano wa ziara ya siku 4 kwenda Amboseli, wageni wawili kutoka ng'ambo. Kiingilio cha hifadhi kwa mtu mzima asiye mkazi kilikuwa dola 60 kwa siku wakati huo, hivyo watu wawili kwa siku 3 ni dola 360. Loji, tuseme, inatoza dola 200 kwa usiku kwa chumba cha wawili pamoja na milo. Usiku 3 ni dola 600. Hizo ni dola 960 ambazo hazijali shilingi imelala wapi, kwa kuwa zinaingia kama dola na kutoka kama dola.

Upande wa pili kuna gharama za shilingi. Kukodi gari ni 64,000, mafuta 24,000, ujira na posho ya dereva 16,000, na kuwapokea wageni uwanja wa ndege pamoja na maji na vitu vidogo vya njiani ni 8,000. Jumla ni shilingi 112,000. Hilo ndilo fungu wazi.

Kwa kiwango cha 160, shilingi hizo ni sawa na dola 700. Gharama zote zinakuwa dola 1,660, na kampuni ikiuza ziara kwa dola 1,900 inabaki na faida ya dola 240, yaani asilimia 12.6 ya bei. Dola ikifika 132, shilingi zilezile 112,000 zinahitaji takriban dola 848. Faida inabaki kama dola 92, chini ya asilimia 5 ya bei. Dola imepoteza asilimia 17.5 ya thamani yake, lakini faida imepungua kwa zaidi ya asilimia 60. Sababu ni kwamba faida ndiyo inayobaki mwisho. Dereva hatapunguziwa ujira kwa sababu shilingi imeimarika, na kituo cha mafuta hakiulizi mgeni alilipa kwa fedha gani.

Kinga ya kwanza ni kiwango cha kukokotolea. Mpanga bei hatumii kiwango cha soko cha siku hiyo, bali kiwango kisichompendeza. Soko likiwa 160, yeye anakokotoa gharama za shilingi kwa 150. Shilingi 112,000 sasa zinakuwa dola 747 badala ya 700, na bei inapanda kwa takriban dola 47. Hapa ndipo kutenganisha safu mbili za gharama kunapolipa. Anayechanganya kila kitu na kuongeza kinga ya asilimia ileile juu ya bei nzima ya 1,900 anapandisha takriban dola 127, na huenda mteja akaenda kwa jirani. Dola 80 za ziada zinawekwa juu ya loji, kiingilio na faida, ambavyo havimo kwenye fungu wazi.

Anayeanzia 160 aangalie pia kwamba anatumia kiwango ambacho benki yake inanunulia dola. Kiwango cha wastani kinachotangazwa na Benki Kuu ya Kenya si kile kitakachoingia kwenye akaunti yake.

Hata hivyo kinga ya 150 isingetosha mwaka 2024. Kukokotoa kwa 132 kungekinga kila kitu, ila bei ingepanda kwa dola 148, na Januari hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kutoza hivyo. Mtikisiko mkubwa unahitaji kinga ya pili, ambayo ni kufunga fungu mapema kwa malipo ya awali.

Mgeni akilipa asilimia 30 Januari, kampuni inapata dola 570. Wengi huziacha kwenye akaunti ya dola zikingoja bili ya loji. Lakini bili hiyo ni ya dola, na malipo ya mwisho ya mgeni yatakuja kwa dola pia. Zikibadilishwa siku ileile kwa 160, dola 570 zinatoa shilingi 91,200, na fungu wazi linashuka kutoka 112,000 hadi 20,800. Machi, kwa 132, salio hilo linagharimu dola 158 badala ya 130. Hasara inakuwa dola 28 tu, na faida inabaki dola 212.

Njia hii ina masharti. Loji ikidai malipo yake mapema, dola za kubadilisha zinapungua. Mgeni akighairi na mkataba ukamruhusu kurudishiwa dola zake, kampuni italazimika kuzinunua upya, pengine kwa bei ghali. Na shilingi ikidhoofika, aliyekwisha kubadilisha anakosa nyongeza ambayo jirani yake ataipata. Kufunga fungu ni kuuza bahati njema pamoja na mbaya.

Fungu wazi linaweza pia kukaa upande wa pili. Wakala wa Nairobi anayewauzia Wakenya ziara ya Dubai kwa shilingi ana hoteli ya kulipa kwa dirhamu. Dirhamu ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, hivyo inaingia safu ya dola bila wasiwasi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa takriban shilingi 123. Mwishoni mwa mwaka ikafika takriban 156. Gharama ya dola 600 ilitoka shilingi 73,800 hadi 93,600. Wakala huyu anaogopa kile ambacho mwenzake wa Amboseli anakiombea, na kiwango chake cha kukokotolea lazima kiwe juu ya soko, si chini.

Kipengele cha mkataba kinachoruhusu bei kubadilika nacho kina mpaka. Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo ya 2015/2302 yanamruhusu mwandaaji wa ziara kupandisha bei kwa sababu ya viwango vya fedha pale tu mkataba unaposema hivyo na unapompa msafiri haki ya kupunguziwa viwango vikigeuka. Taarifa lazima itolewe angalau siku 20 kabla ya safari, na nyongeza ikizidi asilimia 8 msafiri anaweza kujitoa bila kutozwa. Kampuni ya Nairobi inayouza kupitia mwandaaji wa Ujerumani haiwezi kumtegemea ahamishie hasara yote kwa wageni, hasa wiki mbili kabla ya ndege kuruka.