Nyeusi ya Nili, si Bluu Bleki

Kwenye boksi la rangi ya nywele kuna namba ndogo ambayo wanunuzi wengi huiruka. Macho hukimbilia picha ya binti aliyegeuza kichwa, nywele zake nyeusi zikitoa bluu kama bawa la kunguru juani, kisha yakatua kwenye jina, ambalo saluni zetu hulitamka "bluu bleki". Namba yenyewe mara nyingi ni 1.1. Jina ndilo linalouza, na jina hilohilo ndilo linalompotosha mnunuzi, kwa sababu limetanguliza bluu.

Sisi tunajua tofauti ya chai ya maziwa na maziwa ya chai. Ya kwanza ni chai, na maziwa yameingia kuibadili kidogo. Ya pili ni maziwa yanayongoja chai. Katika Kiswahili kilicho mbele ndicho kitu chenyewe, na kinachofuata ni sifa yake. Ile namba ya boksi nayo imepangwa hivyohivyo. Tarakimu iliyo kushoto ya nukta hutaja kina cha rangi, kuanzia 1 ambayo ni nyeusi kabisa hadi 10 ambayo ni njano iliyopauka sana. Iliyo kulia hutaja rangi ya pili, ile inayochungulia tu mwanga ukiigusa nywele. Katika mpangilio unaotumika zaidi, 1 ya kulia ni rangi ya majivu, ambayo katika rangi nyingi imejengwa juu ya bluu, ingawa wapo watengenezaji wanaoiandika bluu kwa 8. Basi 1.1 ni nyeusi kwanza, bluu baadaye, na bluu yenyewe ni kidogo.

Ndiyo maana naona tafsiri yake iwe "nyeusi ya nili". "Samawati" hainiridhishi, kwa kuwa ni rangi ya mbingu mchana, na hakuna mbingu ya mchana ndani ya boksi hili. "Nyeusi ya bluu" haina kosa, lakini nili ina jambo la ziada. Tangu zamani, watu waliotaka nywele nyeusi bila dawa za kiwandani walipaka hina kwanza, nywele zikawa nyekundu ya machungwa, kisha wakapaka unga wa majani ya mnili juu yake. Bluu ya nili ilipokutana na wekundu wa hina, weusi ukatoka. Aliyeruka hina akapaka nili peke yake kwenye mvi alijikuta na kichwa cha bluu au cha kijani. Shika neno hilo, wekundu, maana hadithi yote inayofuata inauhusu.

Lalamiko la kwanza juu ya nyeusi ya nili ni kwamba kwenye nywele nyeusi huonekana bapa, kama masizi ya sufuria: nyeusi ipo, uhai haupo. Sababu iko katika namna unywele unavyorudisha mwanga. Mwanga ukiuangukia unywele, sehemu yake huruka juu ya magamba ya nje na kurudi ukiwa mweupe, na huo ndio mng'ao tunaouona kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Sehemu nyingine huingia ndani, ikapita kwenye rangi, ikagonga upande wa pili na kutoka tena. Mwanga huo wa pili ndio unaobeba rangi. Nywele zetu za asili, hata tunazoziita nyeusi tii, huachia mwanga kidogo wenye ukahawia na wekundu, nawe utauona ukizisimamisha dhidi ya jua la asubuhi.

Sasa paka juu yake rangi ya kina cha 1. Nafasi iliyobaki kwa mwanga kupita inazibwa karibu yote. Bluu iliyomo ndani ya mchanganyiko nayo inameza ule wekundu mdogo uliokuwapo. Kwa hiyo rangi ya pili ya asili imeondolewa, na ile ya dukani haina mwanga wa kuionyesha. Kinachobaki ni ule mng'ao mweupe wa juu, na kwenye nywele za kipilipili hata huo huvunjika vipande vidogo, kwa kuwa kila msokoto hurudisha mwanga upande wake. Picha ya boksi kwa kawaida ni ya nywele zilizonyooka, zilizopigwa taa kali. Chini ya taa ya sebuleni hakuna wa kuiona bluu hiyo.

Hapo tunahitaji neno la ile rangi ya pili inayochungulia. Napendekeza "mmeto". Kitu kinachometa hutegemea mwanga. Ondoa mwanga, mmeto hakuna. Mnunuzi akielezwa kwamba anauziwa nyeusi yenye mmeto wa nili, angalau atauliza utaonekana wapi.

Lalamiko la pili ni gumu zaidi, na nitalieleza kwa nywele za binti mmoja niliyemkuta kwenye saluni ya Kariakoo, kitambaa kichwani na hasira usoni. Nywele zake zilikuwa na dawa ya kunyoosha, urefu kama sentimita 30. Mwaka uliotangulia alizipaka blichi ncha, sentimita 12 hivi, zikawa njano kama upande wa ndani wa ganda la ndizi. Harusi ya dada yake ilipokaribia akataka kurudi kwenye weusi. Akanunua 1.1, akaichanganya na peroksidi ya asilimia 6, akapaka kichwa kizima kwa dakika 35. Siku hiyo zilitoka nyeusi moja, bapa lakini safi. Wiki ya pili foronya na taulo zikaanza kushika bluu. Wiki ya tano ncha zilikuwa na kijani cha maji ya bwawa lililotuama, wakati mashina yalikuwa bado meusi.

"Dada, rangi feki hii," alimwambia msusi.

"Ingekuwa feki, mbona huku juu imekaa?" msusi akajibu, akamshikia shina na ncha sambamba mbele ya dirisha.

Jibu lilikuwa sahihi. Boksi moja, saa moja, mkono mmoja, matokeo mawili: tofauti haikuwa kwenye rangi, ilikuwa kwenye nywele zilizoipokea. Rangi ya kudumu huingia ndani ya unywele ikiwa chembe ndogo zisizo na rangi. Humo ndani peroksidi huziunganisha, zikawa kubwa zenye rangi, na ukubwa huo ndio unaozifunga zisitoke. Nyeusi haitokani na chembe za aina moja. Ni mchanganyiko: zipo zinazotoa kahawia, zipo za wekundu, zipo za bluu. Unywele uliopitia blichi umetobokatoboka ndani. Hunywa rangi haraka kuliko inavyotakiwa, na huiachia haraka vilevile, tena kila aina kwa kasi yake. Kahawia na wekundu zikitangulia kutoka, bluu inabaki peke yake juu ya njano ya unywele. Bluu juu ya njano ni kijani. Kama blichi ingekuwa imeufikisha unywele karibu na weupe, binti huyu angelalamikia bluu iliyofifia badala ya kijani. Kwenye mashina hali ni nyingine, kwa sababu nyuma ya rangi ya dukani upo ukahawia wake wa kuzaliwa, wenye wekundu wa kuimeza bluu.

Aliyewahi kutia nguo nyeupe bluu ya kufulia analijua jambo hili. Tone dogo huificha njano ya shati la shule. Likizidi, shati linatoka na rangi isiyo yake.

Kiswahili kina vitenzi viwili vizuri hapa, na si vema kuvichanganya. Rangi kuchuja ni kutoka kwake kwenda majini na kwenye foronya. Nywele kupauka ni kupoteza uhai wa rangi, zikaonekana kavu na zenye vumbi hata baada ya kuoshwa. Nywele za binti zilichuja kwanza, ndipo zikapauka. Ile rangi isiyotakiwa iliyobaki juu ningeiita "utando": utando wa kijani, utando wa bluu. Mmeto huja na mwanga na kuondoka nao, lakini utando huuona hata kivulini. Ukitaka kujua una kipi, weka shungi la nywele juu ya karatasi nyeupe, dirishani lakini nje ya jua. Bluu ikitoweka, ulikuwa mmeto. Kijani kikibaki palepale, ni utando.

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kupaka 1.1 nyingine juu ya kijani. Hapo unaongeza bluu mahali palipokosa wekundu, na baada ya wiki chache utarudi ulipokuwa. Msusi wa Kariakoo alifanya walichofanya wapaka hina wa zamani. Alichukua rangi ya shaba, 7.4, akaizimua kwa maji bila peroksidi, akaipaka kwenye ncha tu na kuiacha dakika 20. Akaipangusa kwa taulo pasipo kuiosha. Ncha zikawa za kutu, na binti akashtuka. Ndipo akapaka juu yake 3.0 iliyotiwa robo ya 1.1, kwa peroksidi ya asilimia 3, dakika 15. Alichagua kina cha 3 kwa sababu unywele uliotoboka hutoka mweusi kuliko namba inavyosema, na kwa sababu kina hicho huacha upenyo wa mwanga. Mashina hakuyagusa. Kabla ya yote hayo alijaribu kwenye shungi moja nyuma ya sikio, hatua ambayo haifai kurukwa, kwani hakuna namba inayojua historia ya kichwa chako.

Kwa mwenye nywele nyeusi ambazo hazijawahi kupakwa, na anayetaka mmeto uonekane kweli, njia ni kuzifungua kidogo hadi kina cha 3 au 4 ndipo nili iingie. Aliyekwisha kupaka 1.1 ajue kwamba rangi haiondoi rangi. Itabidi ile ya kwanza itolewe kwa dawa yake, na dawa hiyo nayo huchosha nywele.

Neno moja la pembeni, ila si dogo. Rangi nyingi nyeusi za kudumu, pamoja na kanta wanazopaka wazee kuficha mvi, zina kemikali inayoandikwa PPD, na kemikali hiyohiyo hutiwa kwenye piko nyeusi za harusini. Aliyewahi kubabuka au kuvimba kwa piko asipake kabisa rangi yenye PPD. Wengine wajaribu tone nyuma ya sikio na kungoja saa 48.

Nawaomba wanaotafsiri maboksi haya waandike "nyeusi yenye mmeto wa nili", na chini yake, kwa herufi zinazosomeka, waongeze: isipakwe moja kwa moja juu ya nywele zilizopigwa blichi.