Choo Kinachoelea: Miaka 300 ya Ubishi juu ya Giardia

Mtu wa kwanza kuiona giardia aliikuta kwenye choo chake mwenyewe. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikuwa akiharisha mwaka 1681. Udadisi ukamshinda, akachukua tone la choo akalitazama kwa lenzi aliyoisugua kwa mkono wake. Akaona vidudu vyenye tumbo bapa na vijimiguu vingi vinavyochezacheza. Akawaandikia wataalamu wa London, kisha habari ikalala.

Iliamshwa mwaka 1859 mjini Prague, pale daktari Vilém Lambl alipovikuta vidudu hivyo kwenye choo cha watoto. Jina la Kilatini linalotumika hadi leo linamkumbuka yeye pamoja na Mfaransa Alfred Giard. Ubishi uliobaki ulikuwa mmoja: je, kimelea hiki kina madhara? Madaktari wengi walisema hakina, kwa kuwa kilionekana hata kwa watu wazima wenye afya. Mwaka 1954 Mmarekani Robert Rendtorff aliwapa wafungwa waliojitolea vifuko vya kimelea hicho, akagundua kwamba vifuko 10 tu vinatosha kuambukiza.

Utafiti uliofanyika karibu na kwetu uliongeza utata. Ule mkubwa wa kuhara, uliowahusu pia watoto wa Siaya nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2013, uliikuta giardia zaidi kwa watoto wasioharisha kuliko kwa wanaoharisha. Lakini utafiti mwingine, ambao Haydom mkoani Manyara ilikuwa moja ya vituo vyake vinane, uliwafuatilia watoto tangu kuzaliwa. Walioshikwa na giardia mapema walikuwa wafupi zaidi walipofikisha miaka miwili. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ubishi ulipopata jibu: tulikuwa tunaipima kama ugonjwa wa kupoteza maji, kumbe hasara yake kubwa ni chakula.

Kimelea hiki hakiingii kwenye damu. Hujibandika kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na vijinyuzi vinavyofyonza chakula hufifia. Mafuta ambayo yangenyonywa hutoka na choo. Ndiyo maana choo huwa laini, cheupecheupe, chenye kung'aa, kinanuka kupita kawaida na huelea kwenye maji. Tumbo hujaa gesi, na mtoto hucheua harufu ya yai viza. Kuhara kwa kawaida, kama kule kwa virusi vya rota, huja ghafla: maji matupu, kutapika, pengine homa, na mara nyingi huisha ndani ya wiki. Giardia haina haraka hiyo, na kwa kawaida haileti homa wala damu. Ukiona damu, fikiria ugonjwa mwingine.

Nyanda za Juu Kusini zinampa mdudu huyu jambo moja la ziada: baridi. Kwenye maji ya baridi vifuko vyake huishi wiki nyingi, hata miezi, na klorini ya kawaida ya nyumbani huviua kwa shida. Kuchemsha huviua. Iringa, mkoa unaolisha mikoa mingine, ilionekana katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuwa na zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka mitano waliodumaa. Sisemi giardia ndiyo sababu. Lishe na uzazi vina sehemu yao. Ila sahani iliyojaa haimsaidii mtoto ambaye utumbo wake unakataa kupokea.

Tuseme mtoto wa miaka miwili huko Rungwe, kilo 10, anaharisha wiki ya tatu. Mama amempa ORS na zinki, na amefanya vyema, ila choo bado kinang'aa. Kila akimpa maziwa, ambayo Rungwe hayakosekani, tumbo linavimba zaidi, kwa sababu utumbo ulioumia hushindwa kwa muda kumeng'enya sukari ya maziwa. Maabara inapima choo na kusema hakuna kitu. Hapo wengi hukata tamaa, lakini vifuko havitoki kila siku. Inafaa kupima sampuli tatu za siku tofauti. Ya pili inavionyesha.

Mganga anaandika metronidazo, ile watu waiitayo flajili: miligramu 5 kwa kila kilo, mara tatu kwa siku, kwa siku 5. Kwa kilo 10 ni miligramu 50 kila mara. Siku ya tatu choo kimeshikana, na mama anatamani kuacha dawa kwa kuwa mtoto anaikunjia uso uchungu wake. Anamaliza. Baada ya mwezi choo kinaanza tena kuelea. Safari hii mganga anaomba choo cha dada wa miaka minne, mtoto mwenye afya, asiyelalamika lolote, anayemlisha mdogo wake kwa mkono. Vifuko vimo.