Kwa nini kutoa etha Optimism huchukua siku 7

Optimism ni mtandao wa tabaka la pili uliojengwa juu ya Ethereum. Miamala yake huhesabiwa kuwa sahihi mpaka mtu aoneshe kosa. Ndiyo maana anayerejesha etha kwenye mnyororo mkuu kupitia daraja rasmi hana budi kusubiri kipindi cha pingamizi.

Kwanza huanzisha utoaji, na salio lake hupungua papo hapo. Hali ya mtandao ikishawasilishwa Ethereum, huthibitisha muamala wake. Siku 7 huanza kuhesabiwa hapo, si tangu siku ya kwanza: aliyeanzisha Jumatatu akathibitisha Alhamisi hatapokea kitu kabla ya Alhamisi inayofuata. Muda ukiisha, etha haiji yenyewe; lazima aidai.

Kuthibitisha na kudai hutozwa ada kwenye Ethereum. Asiyebakiza etha huko hukwama, ingawa mali yake haipotei.

Yapo madaraja mengine yanayolipa kwa dakika chache kutoka akiba yao wenyewe. Hayo hukata ada, na mtumiaji hubeba hatari ya daraja husika kuvamiwa.