Kukatika na kuchelewa kwa sauti ya Bluetooth

Kukatika na kuchelewa kwa sauti ya Bluetooth ni hitilafu mbili zinazotokea simu inapopeleka muziki au video kwenye redio ya gari au spika za masikioni zisizo na waya. Sauti inapokatika, hupotea kwa muda mfupi kisha hurudi. Inapochelewa, midomo ya msemaji huonekana ikitangulia maneno yake. Hitilafu hizo zina uhusiano, kwa kuwa kinachozuia ya kwanza ndicho kinachosababisha ya pili.

## Akiba ya sauti

Simu hubana sauti, huigawa katika vipande vidogo na kuvirusha kwa mawimbi ya redio. Kipande kikipotea njiani hurushwa tena. Ili pengo lisisikike wakati huo, kifaa kinachopokea hutunza akiba ndogo ya vipande kabla ya kuvitoa. Akiba ikiisha, sauti hukatika. Akiba ikiwa kubwa, sauti haikatiki ovyo lakini huchelewa zaidi.

Kuchelewa kwa sekunde 0.2 ni jambo la kawaida. Kwa kuwa sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde, ni sawa na kumsikiliza mtu aliye umbali wa mita 68. Kwa muziki hakuna athari. Programu nyingi za video huchelewesha picha ili ilingane na sauti. Michezo ya simu haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu haijui mapema mchezaji atagusa nini. Baadhi ya spika zina hali ya mchezo inayopunguza akiba: sauti huwahi, ila hukatika kwa urahisi.

## Sababu za kukatika

Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yanayotumiwa pia na Wi-Fi nyingi na majiko ya maikrowevu. Mawimbi ya masafa hayo hufyonzwa na maji, na mwili wa binadamu una maji mengi. Simu ikiwa katika mfuko wa nyuma wa kulia, na kipokezi kikiwa katika sikio la kushoto, mwili huziba njia. Chumbani mawimbi hudunda ukutani na kufika kwa njia nyingine. Uwanjani hakuna ukuta, hivyo sauti inaweza kukatika zaidi nje kuliko ndani.

## Kutambua chanzo

Kwanza huchezwa wimbo uliohifadhiwa kwenye simu, intaneti ikiwa imezimwa. Sauti isipokatika, kosa lilikuwa la mtandao, si la Bluetooth. Ikikatika, simu huhamishiwa mfuko wa kifuani, au kwenye dashibodi ikiwa ni garini. Tatizo likiisha, njia ilikuwa imezibwa. Likitokea mahali pamoja tu, yaelekea mawimbi mengine yanaingilia. Likiendelea kila mahali, hujaribiwa simu nyingine: ikifanya vizuri, kasoro iko kwenye simu ya kwanza au muunganisho wake, ambao hufutwa na kuundwa upya, nayo ikikatika, kasoro iko kwenye redio au spika.