Prorata Si Makato: Kwa Nini Nasema Fungu la Siku

Huku Karavia, Lubumbashi, kando ya ziwa, vijana wanaoanza kazi za jikoni, za bustani na za ofisini hupewa barua ya ajira ya Kifaransa, na siku hizi baadhi yao huongezewa tafsiri ya Kiswahili. Katika tafsiri moja iliyonifikia, mahali ambapo Kifaransa kilisema prorata, mtafsiri ameandika kwamba mwezi wa kwanza mfanyakazi atapata "mshahara uliokatwa". Sitamtaja mtafsiri wala waliomlipa. Lakini neno hilo siwezi kuliacha lipite, kwa sababu linasema jambo ambalo halikutokea.

Kukata kunahitaji kitu kizima kilichokuwepo kwanza. Aliyeingia kazini tarehe 19 hakuwa na haki ya mshahara wa mwezi mzima ambayo baadaye imepunguzwa. Haki yake ilianza siku ile aliyoanza kazi, ikakua kila siku iliyofuata. Kanuni ya Kazi ya Kongo, yaani sheria ya tarehe 16 Oktoba 2002, inaruhusu makato ya aina zilizotajwa tu, kama vile kodi, michango ya usalama wa jamii na pesa ambazo mfanyakazi alitangulizwa. Prorata haimo katika orodha hiyo kwa kuwa si kato. Ukiiita kato, kijana atatoka kwa mhasibu akisema "balinikata makuta" wakati hajakatwa. Vibaya zaidi, siku atakayokatwa kweli bila haki, kato hilo litajificha nyuma ya jina lilelile.

Wapo waliojaribu kusahihisha. Kamati zinazokutana mbali na madaftari ya mishahara zimetuletea "mshahara wa uwiano". Sikatai kwamba uwiano ni neno safi. Ila uwiano ni wa kitu na kitu, na istilahi hiyo haisemi ni vitu gani. Ni uwiano wa siku? Wa saa? Wa tani zilizochimbwa? Katika prorata ya mwezi wa kwanza swali zima limo humo, na istilahi inayolikwepa haijafanya kazi yake. Wengine wametaka "mshahara wa kipande", nao wamesahau mambo mawili. Kwanza, ujira wa kipande ni malipo kwa kiasi cha kazi iliyokamilika, sio kwa siku. Pili, kipande kina historia yake: katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30, kila siku ya kazi ikitiwa alama, na mshahara ukisubiri kadi ijae. Huo ni mfumo wa kumnyima mtu malipo mpaka atimize hesabu, kinyume kabisa cha prorata, ambayo humlipa aliyefanya siku chache kwa siku zake chache.

Ugumu wa kutafsiri unatoka ndani ya neno mshahara lenyewe. Limetokana na Kiarabu, katika shahr, yaani mwezi, na maana yake ya asili ni mapatano ya mwezi kwa mwezi. Ujira ni jamaa ya neno ajira, na haujifungi na muda wowote. Kibarua kimezaliwa na barua, kile cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Kwa hiyo lugha yetu iligawa kazi tangu zamani: mshahara kwa mwezi, kibarua kwa siku. Anayeanza kazi katikati ya mwezi amesimama baina ya hizo mbili. Ni mtu wa mshahara, lakini kwa mwezi mmoja tu hesabu yake ni ya siku. Kilatini nacho kilifika hapo kwa njia yake, maana pro rata parte ni "kwa sehemu iliyohesabiwa".

Ndiyo maana natetea fungu la siku. Fungu ni sehemu halali ya mwenye nayo, iliyotengwa kwa hesabu inayojulikana. Hakuna anayepokea fungu lake akasema ameibiwa, isipokuwa hesabu imekosewa. Na neno siku linajibu lile swali ambalo uwiano ulilikimbia. Nimeambiwa kwamba istilahi hii ni ya sokoni mno. Anayesema hivyo aniambie ni nani mwingine anayehitaji kuielewa karatasi ya mshahara kuliko mtu anayekwenda nayo sokoni.

Hesabu yenyewe tuifanye mara moja. Lubumbashi, kwa kazi ya siku sita kwa juma, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26. Chukua mshahara wa faranga 780,000: siku moja ni 30,000. Mtu akianza Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, ana siku tatu za juma hilo, sita za juma lililofuata, na Jumatatu tarehe 30, sikukuu ya uhuru, ambayo hulipwa kwa kuwa imemkuta akiwa tayari ameajiriwa. Jumla ni siku 10, na fungu lake ni 300,000. Mhasibu anayehesabu siku za kalenda atapata siku 12 kati ya 30, yaani 312,000. Njia zote mbili zinaweza kutetewa, mradi mkataba umetaja moja.

Isiyotetewa ni ile ya tatu, ambayo ndiyo ninayoiona mara nyingi zaidi: siku 10 za kazi zikagawanywa kwa 30 za kalenda. Hapo kijana anapata 260,000 na kupoteza 40,000, na karatasi yake inaonekana safi. Dalili yake ni nyepesi. Jumapili zikiwa zimehesabiwa chini ya mstari, lazima zihesabiwe na juu yake. Vivyo hivyo kwa ofisi zisizofanya kazi Jumamosi: ukigawa kwa 26, hesabu Jumamosi; usipozihesabu, gawa kwa kigawanyo cha siku tano kwa juma. Nauli huwekwa kando, kwa sababu Kanuni ya Kazi haiihesabu kuwa sehemu ya ujira, na mara nyingi hufuata siku mtu alizofika kazini.

Na 26 nayo ina mipaka yake, kwani ni kadirio la mwezi, wala si idadi ya siku zake. Julai 2025, Jumapili zikiondolewa, ilikuwa na siku 27. Aliyeanza tarehe 2 alibaki na siku 26, akapata mshahara kamili ingawa siku moja ilimpita. Juni ilikuwa na 25 tu. Aliyeanza Jumanne tarehe 3 alipitwa na siku moja ya kazi, lakini fungu la siku zake 24 ni 720,000, kana kwamba zilimpita mbili. Kwa aliyekosa siku chache, haki inakaa karibu zaidi ukitoa siku alizozikosa: 780,000 ukiondoa 30,000, anabaki na 750,000. Hapo mtaniambia kwamba nimerudi kwenye kukata. Sivyo. Kutoa ni njia ya kulifikia fungu, na jina ni la kile kinacholipwa, si la hesabu iliyokifikia.

Basi katika barua ya ajira iandikwe hivi: "Mwezi wa kwanza mfanyakazi atalipwa fungu la siku, kwa siku za kazi kati ya 26." Na katika karatasi ya mshahara liandikwe upande wa malipo, likiwa na siku zake na kigawanyo chake, mbali na safu ya makato. Wanakamati wakiwa na neno bora zaidi, walilete likiwa tayari limeandikwa kwenye karatasi hiyo, ili aliyeanza kazi tarehe 19 alisome na kuihakiki hesabu yake bila mkalimani.